Maswali Kumi ya Mama Aliyejifungua

Tumepata barua ya mama mmoja mwenye mtoto wa wiki saba. Kliniki walimpa karatasi yenye maswali kumi, akajaza, muuguzi akajumlisha na kumwambia: "Mama, umepata 14, tungependa umwone daktari." Naye anatuuliza, "Je, karatasi inaweza kujua yaliyo moyoni mwangu?"

Karatasi hiyo ni Kipimo cha Edinburgh, kinachotafuta dalili za sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, kwa mama aliyejifungua. Kilitolewa mwaka 1987 huko Uskochi na Daktari John Cox na wenzake wawili, Jeni Holden na Ruth Sagovsky. Cox alikuwa amewahi kufanya utafiti kwa akina mama wa Uganda pia. Kila swali linahusu siku saba zilizopita na lina majibu manne, yenye alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla kubwa kabisa ni 30.

Kipimo cha namna hii huulizwa mambo mawili. La kwanza ni uthabiti. Fikirini mizani ya kliniki tunayoning'inizia watoto. Ukimpima mtoto ikasema kilo 6, ukampima tena papo hapo ikasema kilo 8, hiyo haina uthabiti. Kwa maswali ya moyoni kazi ni ngumu zaidi, maana ukimrudia mama baada ya mwezi huenda hali yake imebadilika kweli, na kipimo hakina kosa. Kwa hiyo wataalamu hutumia pia njia nyingine: huyagawa maswali mafungu mawili na kuangalia kama mama mwenye alama nyingi katika fungu moja anazo nyingi katika la pili. Mafungu yakikubaliana kabisa, jibu huwa 1. Kipimo cha Edinburgh kilipata 0.88, ambayo ni nzuri.

Lakini mizani inaweza kusema kilo 6 mara kumi mfululizo, kumbe mtoto ana kilo 5, kwa sababu mshale haukuanzia kwenye sifuri. Ina uthabiti, ila haisemi kweli. Hapo ndipo linapokuja jambo la pili, usahihi: je, kinapimwa kile tulichokusudia?

Madodoso ya zamani ya sonona yaliuliza sana habari za mwili: unachoka, hamu ya chakula imepungua, hulali? Sasa, mama gani mwenye kichanga asiyechoka! Angepata alama nyingi kwa kunyonyesha usiku tu. Ndiyo maana Cox na wenzake waliacha mambo hayo, wakauliza kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu bila sababu, kama unaogopa ovyo. Hata swali lao la usingizi linauliza kama huzuni ndiyo inayokunyima usingizi, si mtoto.

Kisha wakajaribu. Akina mama 84 walijaza karatasi, na kila mmoja akahojiwa kwa kirefu kuhusu hali ya akili yake. Kwa mpaka wa alama 13 na zaidi, karatasi iliwapata 86 katika kila 100 wenye sonona, na kuwaachia 78 katika kila 100 wasio nayo. Tufanye hesabu ya mfano: kliniki ina akina mama 100, na 15 kati yao wana sonona. Karatasi itawapata 13 na kuwakosa 2. Katika wale 85 wazima, itawashika 19 bure. Basi walioitwa na daktari ni 32, na wagonjwa hasa ni 13 tu. Kwa hiyo, mama yetu, alama 14 haisemi una sonona. Inasema uongee na mtu anayejua kuuliza, naye ndiye atakayeamua.

Usahihi huharibika njiani pia. Swali moja katika Kiingereza limetumia msemo ambao ukitafsiriwa neno kwa neno unaleta maana ya vitu kukupanda juu. Hivyo tafsiri hujaribiwa upya kwa wenyeji, na mpaka wa 13 huenda usifae kila mahali. Tena, mama akijaza huku mkwe wake amekaa kando, majibu yatapendeza! Jaza peke yako. Kama husomi, msomaji awe muuguzi, si ndugu.

Swali la kumi linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Hapo muuguzi haangalii jumla. Mama mwenye alama 5 tu, lakini ambaye jibu lake hapo si "kamwe", huongeleshwa siku hiyo hiyo kabla hajaondoka.