Kwenye kilio, swali ni la jikoni

Mwezi uliopita, katika kilio kimoja hapa Lubumbashi, nilimwambia mama mfiwa: «Poleni, mama. Kama kuna kitu, mtaniambia.» Akajibu: «Aksanti, mwanangu.» Sikuitwa. Nilikaa kwenye kiti mpaka jioni.

Baada yangu aliingia jirani. Akainama, akampa mkono: «Poleni, mama.» Akanyamaza kidogo, kisha: «Maji ya jikoni nitachota mimi na watoto wangu.» Mama akaitikia kwa kichwa tu, na bidoni zikaanza kujaa.

Sisi wa isimu tuitazame tofauti hiyo. «Poleni» zetu zilikuwa sawa: ile -ni inaita nyumba nzima, hata ukisema na mtu mmoja. Tofauti iko kwenye sentensi ya pili. «Kama» yangu iliweka sharti, na mzigo wake ulimwangukia mfiwa: afikirie kinachopungua, anitafute, aniombe. Jirani alitaja kazi na mwenye kuifanya. Mama hakubaki na la kuamua.

Mwenzangu mmoja anapinga: huko ni kujipachika, labda kazi tayari ina mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jirani aliniambia baadaye kwamba alipita kwanza nyuma ya nyumba, kwa wamama wanaosonga bukari, akawauliza: «Nini inapungua?» Huko ndiko alikosikia habari ya maji. Basi tuulize jikoni, na kwa mfiwa tupeleke jibu.