Ukijivu Si Kivuli

Wengi wetu tukiingia duka la vipodozi huuliza swali moja tu: "Mna nyeusi zaidi ya hii?" Sisi tunaona swali hilo ndilo linalotupotezea pesa. Bronza inayomwacha mtu na majivu mashavuni mara nyingi haikosi weusi. Shida yake ni kwamba ina weupe mwingi ndani yake, au ina weusi usio na wekundu. Ukiipata iliyo nyeusi zaidi kwa mtindo uleule, utatoka na majivu meusi zaidi.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno, maana watu huyachanganya. Bronza huongeza joto usoni, yaani ule wekundu na udhahabu wa ngozi iliyopigwa na jua. Kontua huigiza kivuli chini ya mfupa wa shavu au pembeni mwa pua. Hailaita hushika mwanga juu ya mfupa. Kila moja ina kazi yake, na kila moja hukosewa kwa njia yake.

Chanzo cha majivu kimo kwenye kopo lenyewe. Karibu rangi zote za kahawia katika vipodozi hutokana na oksidi za chuma za aina tatu, nyekundu, njano na nyeusi, zikichanganywa na unga mweupe uitwao titani dioksidi. Mtengenezaji aliyeanza na bronza ya ngozi nyeupe anaweza kupata rangi ya "ngozi nyeusi" kwa njia ya mkato: anaacha ule weupe mlemle, kisha anamwagia oksidi nyeusi. Mtoto yeyote aliyechezea rangi za maji anajua nyeusi na nyeupe huzaa nini. Njia sahihi ni kupunguza weupe na kuongeza nyekundu. Kwenye shavu la mzungu weupe huo hauonekani, kwa sababu ngozi yenyewe ni nyeupe. Kwenye shavu letu hukaa juu kama vumbi la chaki.

Nyuma ya kopo utaona namba. CI 77891 ni titani dioksidi, CI 77491 ni oksidi nyekundu, CI 77492 ni ya njano na CI 77499 ni nyeusi. Usizitegemee sana. Kampuni nyingi huandika orodha moja kwa rangi zote za bidhaa hiyo, tena baada ya alama ya +/-, yaani "huenda imo". Orodha hukuambia viungo vinavyoweza kuwamo, lakini haikuambii vipimo. Kipimo utakipata kwa jicho, na tutafika huko.

Kuna watakaosema tatizo hili limekwisha. Iman, Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 kwa ajili ya wanawake wa rangi zote. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilizinduliwa na rangi 40 za faundesheni, na kampuni nyingine zikaanza kuhesabu rangi zao. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya faundesheni. Bronza bado huuzwa kwa rangi chache tu, na aghalabu zile za mwisho wa safu ndizo tunazotarajiwa kugawana sisi sote, kuanzia maji ya kunde hadi weusi tii.

Upande wa pili wako mama na shangazi zetu, wanaosema bronza ni mambo ya wazungu kwa sababu sisi jua tumezaliwa nalo. Hoja yao ina uzito, ila imesahau faundesheni. Uso wetu kwa asili hauna rangi moja. Wengi tuna paji la uso na pembe za uso zilizokolea kuliko mashavu na katikati. Ukipaka faundesheni ya rangi moja, tofauti hiyo inafunikwa na uso unakuwa bapa kama sahani. Kwetu kazi ya bronza ni kurudisha kile ambacho faundesheni imefuta.

Hapo ndipo tunapopata kanuni yetu ya kuchagua, nayo ni rahisi: faundesheni ilingane na shavu, bronza ilingane na paji la uso. Simama mbele ya dirisha bila kitu usoni, utazame ngozi iliyo karibu na nywele, juu ya kipaji. Je, imeelekea wekundu kama tofali, udhahabu kama asali, au zambarau iliyoiva? Rangi hiyo ndiyo unayoitafuta dukani. Rangi ya mtu wa kwenye picha iachie picha.

Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja anayeishi Erdington, aliyekuwa akijiandaa kwa harusi ya binamu yake. Ngozi yake ni nyeusi yenye wekundu, na paji lake limekolea kuliko mashavu. Kwenye duka moja alijaribu bronza tatu za poda. Alizipaka pembeni mwa taya, kwa sababu mkono una rangi yake na haufanani na uso. Chini ya taa za dukani, zote tatu zilionekana nzuri. Taa za namna hiyo mara nyingi zina umanjano, na umanjano huficha majivu.

Akatoka nje, akasimama Erdington High Street chini ya mawingu. Mwanga wa mchana wa Birmingham, hasa miezi ya baridi, umeegemea ubuluu na hauna huruma. Ya kwanza ikageuka kijivu palepale. Ya pili na ya tatu zikabaki kahawia. Badala ya kurudi dukani mara moja, alipanda treni kwenda mjini na mistari miwili usoni. Baada ya nusu saa hivi akajitazama tena. Ya pili ilikuwa imekuwa rangi ya chungwa, kwa kuwa mafuta ya ngozi huilowesha poda na kuibadilisha rangi. Ya tatu, yenye wekundu wa tofali, haikubadilika, na ukingo wake haukuonekana ulipoishia. Hiyo ndiyo aliyoinunua, na haikuwa nyeusi kuliko zile nyingine. Ilikuwa nyekundu zaidi.

Jaribio hilo halina gharama: taya, mwanga wa mchana, nusu saa. Ongeza sharti moja tu, kwamba uso wako siku hiyo uwe na krimu ya jua unayoitumia kila siku. Krimu nyingi za jua zenye zinki au titani huacha utando mweupe, na bronza nzuri ikipakwa juu yake itaonekana mbaya. Watu wameitupa bronza isiyo na hatia kwa sababu ya krimu iliyokuwa chini yake.

Kontua inataka uangalifu zaidi. Vitabu na video nyingi husema ichague iliyopoa, isiyo na wekundu, kwa sababu kivuli hakina joto. Ushauri huo umetungwa kwa ngozi nyeupe. Tazama kivuli halisi chini ya shavu la mtu mweusi: ni kahawia iliyokolea, pengine yenye wekundu au zambarau, na si kijivu hata kidogo. Chukua rangi iliyokolea kama hatua mbili kuliko faundesheni yako, isiyong'aa, yenye wekundu kidogo kuliko kijiti cha kontua cha kawaida. Ukiiona kijivu kwenye kijiti, itakuwa kijivu zaidi kwenye shavu.

Na kama wewe ni mweusi tii, huenda hatua mbili hizo hazipo. Rangi ya mwisho ya safu ndiyo faundesheni yako. Hapo usihangaike kutafuta kivuli, geuza kazi. Acha pembe za uso zibaki na rangi yako, kisha inua katikati kwa faundesheni au konsila yenye weupe wa hatua moja tu: chini ya macho, juu ya pua, katikati ya paji. Shavu litachongeka lenyewe. Kwa joto, tumia blashi ya rangi ya tofali au ya mvinyo mahali pa bronza. Macho hayajui jina lililoandikwa kwenye kopo.

Hailaita ina kipimo chake. Mng'ao wake hutokana na vipande vyembamba vya maika vilivyovikwa titani dioksidi au oksidi ya chuma. Vikivikwa titani nyembamba, hung'aa fedha na weupe. Vikivikwa oksidi ya chuma, hung'aa shaba. Kwetu fedha huwa mstari mweupe, dhahabu na shaba huwa mwanga. Paka kidogo nyuma ya mkono, kisha uuzungushe mkono polepole. Hailaita nzuri huonekana mwanga unapoipiga na hupotea unapougeuza mkono. Ikiendelea kuonekana nyeupe kila upande, basi unachokiona ni unga ulioibeba tu, na unga huo utaonekana vilevile kwenye picha za harusi.

Mwisho ni umbile, kwa sababu rangi sahihi ikipakwa vibaya bado itakaa madoa. Krimu huenda juu ya faundesheni mbichi, kabla ya poda yoyote. Poda huenda juu ya poda. Ukipaka krimu juu ya uso uliokwisha kutiwa poda, itashika vipande na kung'oa kilicho chini. Sisi tunapendelea krimu kwa bronza na kontua, kwa sababu krimu huhitaji unga mweupe mchache kuliko poda iliyoshindiliwa, na huyeyuka kwa joto la kidole. Gongagonga kwa sponji yenye unyevu, usisugue. Mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuifunga na poda nyembamba ya kahawia. Ile poda nyeupe isemwayo haina rangi, hasa ya silika, iepuke siku ya picha, maana mwanga wa kamera huigeuza unga wa ngano usoni.

Kwa hiyo, ukiwa dukani tena, acha kuuliza kama ipo nyeusi zaidi. Uliza kama unaweza kupaka kidogo na kutoka nje. Baada ya nusu saa, ikiwa bado ni kahawia na huoni ilipoishia, rudi uilipie. Ikiwa kijivu, ifute uondoke na pesa yako, hata kama kopo limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lilitengenezwa kwa ajili yako.