Mshale wa "Mengineyo" Usifiche Pengo

Mchoro wa Sankey umepewa jina la Kapteni Sankey, mhandisi ambaye mwaka 1898 alitumia mishale ya namna hii kueleza nishati katika mtambo wa mvuke. Upana wa kila mshale hulingana na kiasi kinachopita. Kwa sababu hiyo, jumla ya upana wa mishale inayoingia haina budi kuwa sawa na jumla ya ile inayotoka.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, aliyeanza mwezi bila fedha mkononi. Daftari lake laonyesha mauzo ya shilingi 600,000 na mkopo wa 150,000. Alinunua dagaa kwa 420,000, akalipa usafiri 60,000, magunia na ushuru 30,000, na matumizi ya nyumbani 170,000. Mwisho wa mwezi alihesabu 45,000 mkononi. Fedha hizi zilizobaki nazo zichorewe mshale, maana bado ni sehemu ya zile zilizoingia.

Watoto wachore kwa kipimo cha sentimita 1 kwa shilingi 50,000. Upande wa kuingia utakuwa na sentimita 15. Upande wa kutoka 14.5. Pana pengo la nusu sentimita, yaani shilingi 25,000.

Hapa ndipo somo huharibika. Mtoto hutoa 725,000 katika 750,000, akachora mshale wa "mengineyo", na mwalimu akampa alama ya vema. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa. Mshale uliopatikana kwa kutoa utalinganisha mchoro wowote, hata wenye tarakimu za uongo. Mwalimu na aliache pengo wazi, kisha awaulize watoto: je, fedha zote za mauzo zilipokelewa? Wakilirudia daftari wataona dagaa wa shilingi 25,000 waliouzwa kwa mkopo, ambao bado haujalipwa. Fedha zilizoingia kutokana na mauzo ni 575,000 tu. Mshale wake una sentimita 11.5, na pande zote mbili zinakuwa 14.5.

Mchoro wa nishati ya jiko la mkaa wahitaji tahadhari zaidi. Joto lililoingia katika maji twaweza kulikadiria kwa kupima uzito wa maji na kupanda kwa joto lake. Joto lililopotea hewani kwa kawaida hupatikana kwa kutoa. Mshale huo uandikwe "kwa kutoa", ili msomaji ajue kwamba ulinganifu wa mchoro huo haujathibitisha lolote.

Basi, mwalimu anaposahihisha, asitosheke na jumla zilizolingana. Aulize kila mshale ulipimwa au ulihesabiwa vipi.