Grupu ya kazi katika simu isivunje ekipi yetu



Kwa kawaida hapa tunasema juu ya kofia ya chuma, vumbi la mawe na maji safi. Leo nataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja anacho mfukoni: grupu ya kazi ya WhatsApp. Mtaniuliza, jambo hilo lamhusu nini msaidizi wa mganga? Nitawajibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa katika kampuni nyingine, kabla sijafika hapa. Usiku mmoja, saa tano kupita kidogo, nilikuwa nikihesabu dawa. Katika sanduku ya posto ya usiku zilikosekana bendeji nne, na sikuona alama yoyote katika karatasi yangu. Nikachukua simu, nikaandika katika grupu ya watu 26: «NANI AMEFUNGUA SANDUKU YA DAWA BILA KUANDIKA?» Niliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo tunavyojaza karatasi za dispansari. Kisha nikalala.

Fundi wa pampu alikuwa chini, mahali ambapo simu haishiki. Alipopanda juu saa kumi ya alfajiri, alikuta swali langu na majibu 19 chini yake. Mmoja alikuwa ameandika kwamba siku hizi bendeji zinauzwa sokoni. Wengine walitia vile vichwa vidogo vinavyocheka. Wote walijua kwamba ufunguo wa sanduku ile ulikaa kwake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutaja jina.

Ukweli ulikuwa huu: kijana msaidizi wake alikatwa mkono na bati, naye akamfunga vizuri kama tulivyomfundisha. Aliandika katika daftari, lakini daftari ilibaki karibu na kompresa. Niliiona asubuhi. Nilimwendea, nikamwambia yamekwisha, lakini katika grupu sikuandika neno. Yeye alikuwa amekwisha kutoka katika grupu.

Majuma matatu baadaye, kipande kidogo cha chuma kiliruka kikamwingia jichoni. Zamani angekuja kwangu saa ile ile. Safari hii hakuja. Aliosha jicho kwa maji nyumbani, akangoja. Siku ya tatu bibi yake alimleta kwa nguvu, jicho likiwa jekundu na mwanga ukimchoma. Chuma kikikaa juu ya kioo cha jicho kinaanza kutoa kutu, na kutu ile inaingia ndani. Tena vijidudu vinapata mlango. Tulimpeleka kwa mganga wa macho. Jicho lilipona, lakini lilibaki na kovu. Nilipomuuliza mbona hukuja siku ya kwanza, alijibu: «Muganga, nilifikiri utaniandika tena katika grupu.»

Ndiyo sababu nasema jambo hili ni la usalama. Mtu aliyeaibishwa mbele ya ekipi anaanza kuficha. Anaficha kidonda, anaficha mashine inayolia vibaya, anaficha kizunguzungu. Na hatari iliyofichwa chini ya ardhi hatuwezi kuitibu.

Basi kila ekipi iwe na masharti ya grupu yake, machache, yanayojulikana na wote. Mimi naona manne yanatosha.

La kwanza: swali linaloweza kumpa mtu kosa lisiingie katika grupu. Uliza mtu mmoja, kwa sauti, uso kwa uso au kwa kumpigia. Sauti inabeba mambo ambayo maandiko hayabebi. Ukisema «nani amezima pampu?» ukiwa umesimama karibu na mtu, anaona kwamba unataka kujua tu. Maneno yale yale katika simu, bila uso na bila sauti, msomaji anayatilia sauti yake mwenyewe. Na kama amechoka, sauti ile inakuwa ya hasira. Herufi kubwa anazisoma kama kelele. Jibu fupi la «sawa» analisoma kama dharau. Kama ningempigia fundi yule asubuhi na kumwambia, «Ndugu, naona bendeji zimepungua, kuna mtu aliumia?» mambo yangekwisha kwa dakika mbili.

La pili: usiku, grupu inyamaze. Lakini tuelewane juu ya neno usiku. Sisi wa posto tatu hatuna usiku mmoja. Anayetoka kazini saa kumi na mbili ya asubuhi analala mchana, na simu inayolia saa nne ya asubuhi inamwamsha sawa na ile ya saa sita ya usiku. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mikono na akili yake inafanya kazi kama ya mtu aliyekwisha kunywa pombe kidogo. Nyote mnajua hatumruhusu mlevi kushuka shimoni.

Kwa hiyo sharti lifungwe pande mbili. Anayeandika atume mambo ya kawaida kati ya saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni. Wazo likimjia usiku, aliandike katika karatasi na kulituma kesho. Anayelala azimishe mlio wa grupu: simu inakubali kuunyamazisha kwa masaa nane, na mtu akimpigia, bado italia. Na wakubwa wa kazi wasimkaripie mtu kwa kuchelewa kujibu wakati wa mapumziko yake. Anatakiwa kusoma anapoanza posto, basi. Hapo mama wa nyumbani nao watapata amani. Mara ngapi simu inalia saa sita ya usiku, bibi anauliza «ni nani anakuandikia saa hizi?», na ugomvi unaanza katika nyumba kwa sababu ya karatasi ya mafuta ya grupi?

Najua mkubwa mmoja atasema: na kama feni ya hewa imesimama usiku, tungoje asubuhi? Hapana. Hilo ndilo sharti la tatu: hatari haiandikwi katika grupu, inapigiwa simu. Ujumbe si king'ora. Alama mbili za kijivu zinasema ujumbe umefika katika simu za wote, hazisemi kwamba umesomwa. Mtu mmoja akiwa chini pasipo na mtandao, alama inabaki moja, wala hujui ni nani hajapata mpaka uufungue ujumbe kuangalia. Hatari ikitokea, piga simu kwa mkubwa wa posto, piga king'ora, tuma mtu akimbie. Piga mpaka usikie sauti ya mtu ikijibu. Baadaye, mambo yakitulia, andika katika grupu ili posto inayofuata ijue.

La nne: andika siku na saa kamili. Hapa Goma umeme unakatika na mtandao unapotea. Simu iliyozimika saa kumi na mbili ya jioni ikipata moto saa nane ya usiku, inapokea ujumbe wote pamoja, na «njoo sasa hivi» ya jana inaonekana kama ya leo. Waliokuwa hapa mwaka 2021 wanakumbuka. Nyiragongo ilipasuka jioni ya tarehe 22 Mei, na tarehe 27 serikali iliamuru mitaa 10 ya mji ihame. Siku zile tulipokezana ujumbe wa «leo usiku volkano inarudi», bila tarehe, bila jina la aliyesema. Ujumbe wa namna ile ukifika kesho yake, «leo usiku» imekuwa usiku mwingine.

Tena kuna hila ya saa. Mmoja anaandika «mkutano saa mbili», akifikiri kwa Kiswahili, yaani 8 h ya asubuhi. Mwenzake anayefikiri kwa Kifaransa anakuja 14 h, na wote wawili wanaona mwingine ni mzembe. Na kama ujumbe unatoka biro ya Kinshasa, kumbukeni kwamba 9 h ya kule ni 10 h yetu. Basi tuandike hivi: «Jumanne tarehe 14, 8 h ya Goma.» Ni maneno machache, na yanaondoa ugomvi mzima.

Na kama umekwisha kukosea, ufanye nini? Katika dakika 15 za kwanza unaweza kusahihisha maneno yako. Baadaye, kwa muda wa siku kama mbili, unaweza kuufuta ujumbe kwa wote. Lakini kufuta hakufuti kilichosomwa. Alama inabaki kwamba kitu kilifutwa, na kila mtu anakisia ni nini. Aliyemkosea mtu mbele ya watu 26 amwombe radhi mbele ya watu wale wale 26. Mimi nilimwomba fundi radhi peke yetu, chini ya mlango wa dispansari, na wale waliocheka hawakusikia. Nilifunga kidonda nje na kuacha usaha ndani.

Utatambuaje kwamba grupu imeanza kuugua? Angalieni dalili hizi: mtu aliyekuwa akijibu amenyamaza kabisa, wengine wameunda grupu ndogo ya pembeni bila mkubwa, mtu ametoka bila kuaga, na katika daftari ya dispansari, vidonda vidogo vinapungua ghafula ingawa kazi ni ile ile. Hii ya mwisho ndiyo naiogopa kuliko zote. Mkubwa asifurahi haraka kwamba ajali zimepungua. Aende kwanza kuuliza, kwa sauti, mtu mmoja mmoja.

Naomba kila mkubwa wa ekipi asome masharti haya manne mbele ya watu wake mwanzoni mwa posto, wayabadilishe wanavyoona vema, kisha wayaandike juu kabisa katika maelezo ya grupu, ili hata mgeni ayaone siku anapoingia. Na yeyote aliyeumia, hata kidogo, aje dispansari. Jina lake litaandikwa katika daftari yangu, na katika daftari yangu tu.