Tahadhari kwa Watahiniwa: Si Kila Mzunguko Una Kitovu (0, 0)

Watahiniwa wa kidato cha nne hapa Nabuyoga, nanyi wa Tororo mjini na Busia ya pande zote mbili za mpaka, msiinakili kwanza karatasi ya marudio inayopita mkono kwa mkono. Ina mstari huu: "Mzunguko wa nyuzi 90 kufuata saa: (x, y) inakuwa (y, −x)." Kanuni hiyo ni kweli pale tu kitovu kinapokuwa (0, 0). Karatasi haisemi hivyo, na nimeshaona madaftari ambamo kila mzunguko umepewa kitovu hicho bila kupimwa.

Chukueni pembetatu A(2, 1), B(5, 1), C(5, 3), ambayo taswira yake ni A′(0, 1), B′(0, −2), C′(2, −2). Upande AB unaelekea kulia, A′B′ unaelekea chini, kwa hiyo umbo limezunguka nyuzi 90 kufuata saa. Hapo wengi huandika "kitovu (0, 0)" na kufunga daftari. Lakini kanuni ya karatasi ingeipeleka A hadi (1, −2), nayo A′ haipo hapo.

Kitovu hutafutwa. Unganisha A na A′, kisha kwa bikari chora mstari unaoukata katikati kwa pembe mraba: unapata x = 1. Fanya vivyo hivyo kwa C na C′. Mistari hiyo miwili inakutana (1, 2), na hapo ndipo kitovu kilipo. Kama una karatasi angavu, nakili pembetatu, bana ncha ya penseli juu ya (1, 2), zungusha. Ikilala sawasawa juu ya taswira, umepata.

Jibu kamili ni hili: mzunguko wa nyuzi 90, kufuata saa, kitovu (1, 2). Ukiacha kimoja, maelezo yana pengo. Na swali likitaka badiliko moja, usiandike "mzunguko kisha uhamisho". Hayo ni mawili, hata kama umbo linafika mahali pake.

Ukuzaji una mtego uleule. Kuzidisha viwianishi kwa 2 kunafaa kitovu kikiwa (0, 0) tu. Kitovu kikiwa (1, 2), pointi A(2, 1) inakwenda (3, 0), si (4, 2), kwa sababu kinachozidishwa ni umbali kutoka kwenye kitovu. Taja kitovu na kizio cha ukuzaji. Uakisi unataka mlinganyo wa mstari wa kioo, kwa mfano x = 1; uhamisho unataka vekta yake, wala hauna kitovu.

Aliyekwisha kuinakili karatasi ile aongeze leo kwa kalamu, mbele ya kanuni: "kitovu (0, 0) tu." Kisha amfuate aliyemwazima daftari lake amwonyeshe.