Maghorofa ya Kijivu na Uvivu wa Macho

Darasani kwetu mwenzangu aliwasha projekta, akatuonyesha picha: maghorofa marefu ya zege, safu za madirisha yanayofanana, barabara pana katikati. Akauliza ni wapi. Wengi wakajibu bila kusita: Ulaya Mashariki. Ilikuwa Michenzani, Unguja.

Nakataa kuliita hilo kosa dogo. Mtindo wa jengo hutaja enzi na urafiki wa serikali, wala si mji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na wataalamu wa nchi hiyo wakaja kusaidia kupanga nyumba za umma. Kwa hiyo walionusa Ujerumani kwenye picha ile hawakukosea kabisa. Kosa lao ni kuishia hapo, kana kwamba wazo la jengo halipandi meli.

Anayetaka kujua aiache sura ya jengo kwanza, aangalie barabara. Magari yanapita kushoto. Ujerumani yanapita kulia. Hilo peke yake linafuta karibu nchi zote za Ulaya Mashariki. Kisha nguo: zimeanikwa kwenye vibaraza, na hakuna bomba la moshi wala dalili ya nyumba kupashwa moto.

Kivuli nacho husaidia, lakini kwa tahadhari. Desemba saa sita mchana, kivuli cha ghorofa la Berlin hufika karibu mara nne ya urefu wake. Cha Unguja ni kifupi sana. Juni, ajabu, vinakaribiana, kila kimoja kama nusu ya urefu wa jengo. Hapo kinachotofautisha ni upande: cha Berlin kinaelekea kaskazini, cha Unguja kusini. Basi kama hujui mwezi wala dira ya picha, kivuli usikiamini.

Kinachonikera zaidi ni jambo la pili. Mimi ni wa Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kwetu hakuna safu za maghorofa kama zile. Kuna nyumba za tofali za kuchoma, mabati, viwanja vinavyopimwa watu wakiwa wameshahamia, na mawe makubwa ya miamba. Nilipowaonyesha wenzangu picha ya nyumbani, jibu likawa neno moja: Afrika. Basi. Jengo la serikali wanalisoma mpaka karne yake. Nyumba aliyoijenga fundi wa mtaani wanaiona haina enzi.

Lakini tofali la kuchoma linasema: udongo wa mfinyanzi na kuni vipo karibu. Tofali la saruji linasema mchanga na saruji vimeletwa kwa lori. Na kuta zilizobaki miaka bila plasta, nondo zikichungulia juu, zinaonyesha mwenye nyumba anajenga kila anapopata hela. Picha ya Kisesa ina habari zote hizo. Mwenzangu aliipitisha kwa sekunde tatu, akaenda kwenye picha ya Warszawa.