Harusi zikisimama, mpiga picha anakula nini?

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku hizohizo. Kwa mpiga picha za harusi wa Dar es Salaam maana yake ilikuwa moja: kumbi zimenyamaza. Wakristo wengi hawafanyi harusi wakati wa Kwaresma, na Waislamu wengi husubiri Mfungo Mosi. Miaka ambayo mifungo hii haikutani, Jumamosi za upande mmoja huziba pengo la upande wa pili. Ikikutana, simu haiiti mpaka Pasaka. Na hali hiyo inamkuta mtu ambaye Januari ametoka kulipa ada za shule.

Wanaojiajiri huambiwa kila siku kwamba kinachowaponza ni kukosa nidhamu ya fedha: Desemba wanatumia, Machi wanakopa. Matumizi mabaya yapo, lakini lawama hiyo inaficha mambo mawili yanayoumiza zaidi, yaani bei iliyopangwa kwa kumtazama jirani na malipo yanayofuata ratiba ya mteja.

Tuanze na bei. Tuchukue mpiga picha anayetaka shilingi 1,200,000 kwa mwezi za kuendeshea nyumba yake. Kwa mwaka ni 14,400,000. Kamera na lenzi zake zimemgharimu milioni 6 na zitamfaa kwa miaka 4 hivi, kwa hiyo kila mwaka unabeba 1,500,000 ya kuzibadilisha. Kodi ya chumba cha ofisi ni 1,800,000 kwa mwaka. Bando, umeme, diski za kuhifadhia na matengenezo ni 1,200,000. Jumla inafika 18,900,000. Akipata harusi 30 kwa mwaka, kila moja inapaswa kumwachia 630,000. Lakini kila harusi ina gharama zake pia: msaidizi 80,000, usafiri 50,000, albamu 150,000. Bei ya chini kabisa, kabla ya kodi ya mapato, inakuwa 910,000.

Jirani anatoza 500,000. Ukitoa 280,000 za siku ile, kwa gharama zilezile anabaki na 220,000. Kwa harusi 30 ni 6,600,000, na ukiondoa gharama za mwaka za kamera na ofisi inabaki 2,100,000, ambayo ni 175,000 kwa mwezi. Yeye mwenyewe haoni, kwa sababu fedha ya kamera haidaiwi kila mwezi. Inadaiwa siku kamera inapokufa. Hapo ndipo utamkuta akiazima kamera Ijumaa usiku.

Wengine watasema aongeze idadi ya kazi. Harusi inaonekana ni kazi ya siku moja, ila baada ya ukumbi kuna kuchambua mamia ya picha, kuzisafisha, kupanga albamu na kurekebisha yale ambayo bibi harusi hakuyapenda. Siku 5 zinaisha. Tena wateja wote wanataka Jumamosi zilezile, kwa hiyo kupunguza bei hakumwongezei Jumamosi hata moja.

Katika vikundi vya wapiga picha hujitokeza wazo la kuweka bei elekezi: tukubaliane asiwepo anayeshuka chini ya kiwango fulani. Naelewa uchungu unaolizaa, lakini siliungi mkono. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei. Hata bila sheria, kijana anayeishi kwa wazazi na kutumia kamera ya kaka yake ana gharama tofauti, na makubaliano yatavunjika Jumamosi ya kwanza. Bora wakongwe wawaoneshe wageni hesabu yenyewe, gharama moja baada ya nyingine, kisha kila mtu afikie bei yake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito, ni lini fedha inaingia. Harusi za mjini zinaendeshwa na kamati, na kamati inategemea michango. Ahadi nyingi hutimizwa wiki za mwisho, kwa hiyo mweka hazina husema kwa nia njema kabisa kwamba salio lako utalipata baada ya shughuli. Baada ya shughuli kuna vunja kamati. Ikishavunjwa, hakuna tena mweka hazina. Maharusi wako fungate, na mwenyekiti anakwambia wasubiri warudi. Mkataba uandikwe kwa kufuata mwendo huo: asilimia 40 ya kufunga tarehe, na 60 iliyobaki katika kikao cha mwisho kabla ya harusi, wakati fedha za michango bado ziko mkononi. Mpishi na mwenye ukumbi mara nyingi hulipwa kabla. Sioni kwa nini mpiga picha awe wa mwisho.

Kianzio kina mtego wake. Fedha iliyopokelewa Machi kwa harusi ya Juni bado ni ya harusi ya Juni, kwa kuwa ndani yake kuna albamu na msaidizi. Dalili ya kuwa umenasa ni rahisi kuiona: ukihitaji kianzio cha mteja mpya ili umlipe msaidizi wa Jumamosi hii, tayari unaishi kwa kazi ambazo hujazifanya.

Mapato yote yaingie akaunti ya kazi, na kila mwisho wa mwezi ujilipe mshahara uleule wa 1,200,000, hata Desemba. Kwa mfano wetu, mwezi mmoja wa mshahara na gharama za kamera na ofisi ni 1,575,000, hivyo miezi 2 mikavu inahitaji 3,150,000. Desemba yenye harusi 6 inaacha 3,780,000, na baada ya mahitaji ya mwezi wenyewe ziada ni 2,205,000. Haitoshi. Akiba ya mfungo inaanza kujengwa Septemba au Oktoba.

Je, vyanzo vingine vya mapato? Wengi huongeza kitchen pati, send-ofu na kukodisha taa, wakidhani wamejitanua. Vyote hivyo vinakauka siku moja na harusi. Chanzo cha kweli ni kile chenye kalenda nyingine. Mahafali ya kidato cha sita, kwa mfano, hufanyika kabla ya mitihani ya Mei, na wazazi hulipia picha papo hapo. Futari zinazoandaliwa na makampuni nazo zinahitaji picha. Ila kampuni na mashirika hudai ankara na risiti ya EFD, hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, na hulipa baada ya siku 60 au 90. Asilimia ile haijapotea ukidai cheti chake na kukitumia katika hesabu za kodi. Ucheleweshaji ndio unaopaswa kupangiwa: kazi ya shirika ya Machi italipwa Juni, wakati harusi zimesharudi. Atakayetaka fedha ya shirika imkute kwenye mfungo aifanye kazi hiyo Novemba au Desemba, hata kama itabidi akatae harusi moja.

Kalenda yenyewe inahama. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2030 itaanza mapema Januari, na nyingine itaandama mwishoni mwa Desemba ya mwaka uleule, huku Kwaresma ikianza tarehe 6 Machi. Msimu mkavu utakuwa umegawanyika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na ule wa kwanza utaangukia kwenye ada za shule, kwa hiyo akiba yake itabidi iwe imekamilika kabla Desemba 2029 haijaisha.